Picha Tatu za Uso Mmoja

Asiyeona mbali hupata taabu ya pekee anapokwenda kununua miwani. Ili ajaribu fremu mpya hana budi kuvua miwani yake, na akishaivua, kioo cha dukani kinakuwa ukungu. Fremu za kujaribia zina plastiki tupu isiyo na nguvu yoyote. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu, macho yake ni minasi 5. Bila miwani, kila kilicho mbali zaidi ya sentimita 20 kinaanza kumfifia. Kwa miaka mingi alinunua miwani kwa kuamini maneno ya muuzaji, na muuzaji hajawahi kumwambia mteja kwamba hajapendeza.

Safari hii tulikubaliana tupige picha. Angejaribu fremu, tungempiga, kisha angevaa miwani yake ya zamani na kujitazama kwa utulivu. Tulikwenda duka moja la miwani Kariakoo, akachagua fremu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya duara, chuma chembamba rangi ya dhahabu. Ya pili ilikuwa ya plastiki nyeusi nene, ya mstatili. Ya tatu ilikuwa ya rangi ya kahawia, ncha zake za juu zimeinuka kidogo, na ina vile vipira viwili vya puani vinavyoweza kusogezwa.

Alianza kwa kujipiga selfi, mkono umenyooka mbele. Alipozitazama akasema, “Dada, hii ya duara ndiyo yenyewe. Hizi nyingine zimenimeza uso.” Na kweli, kwenye picha zile ndivyo ilivyoonekana. Tatizo lilikuwa umbali.

Kamera hukuza kilicho karibu na kupunguza kilicho mbali, na uso si bapa kama sahani. Fremu hukaa mbele kabisa, juu ya pua, ilhali masikio yako nyuma yake kwa takriban sentimita 10. Simu ikiwa sentimita 35 kutoka kwenye fremu, masikio yako sentimita 45. Kwa hiyo sehemu ile ya kichwa huchorwa ndogo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na fremu. Pua inavimba, mashavu yanarudi nyuma, na fremu yoyote inaonekana pana kuliko ilivyo. Ukisogeza simu hadi mita moja na nusu, tofauti hiyo inashuka hadi kama asilimia 6. Huo ndio umbali wa watu wawili wanaozungumza wamesimama, yaani jinsi wanafunzi na majirani wanavyomwona.

Tukaanza upya. Aliketi kwenye kiti akielekea mlangoni, mwanga wa nje ukimpiga usoni. Flashi tuliizima kwa sababu inamulika juu ya plastiki ya fremu na kuficha macho, na ule urembo wa kamera unaolainisha ngozi na kuchonga kidevu tuliuzima pia. Mtandio aliufunga kama anavyoufunga siku zote. Nikasimama mita moja na nusu, kamera ya nyuma ikiwa sawa na macho yake, nikakuza mara mbili ili uso ujae. Urefu wa kamera si jambo dogo: ukipiga kutoka juu, fremu huonekana imeteremka mashavuni, ukipiga kutoka chini, inapanda na kuziba nyusi. Picha ya kwanza ilikuwa bila miwani. Kisha kila fremu ilipata picha tatu: akitazama mbele, akigeuka kidogo pembeni, na akicheka. Alishika kikaratasi chenye namba ya fremu, maana ukishazichanganya hujui tena ipi ni ipi.

Tulipozipanga ubavu kwa ubavu, ile ya duara ilikuwa imepungua. Uso wa mdogo wangu ni wa mviringo, mashavu yamejaa, kidevu kifupi. Ukingo wa fremu uliishia ndani kabisa ya mashavu, na mikono yake ilitanuka kwa nje ili ifike masikioni. Selfi ilikuwa imelificha hilo. Hata namba zilizochapishwa ndani ya mkono wa fremu zilikuwa zinasema hivyo: 46□20-140, maana yake kila lenzi ina upana wa milimita 46, daraja la puani 20, na urefu wa mkono 140. Ukijumlisha lenzi mbili na daraja unapata 112. Ile nyeusi ilikuwa 54□16, jumla 124. Ya kahawia 50□18, jumla 118. Milimita 6 ni kidogo sana mezani, lakini usoni zinaonekana.

Watu wengi huanza na kanuni ile ya uso wa duara kuvaa fremu yenye pembe, na uso wa mraba kuvaa ya duara. Ina ukweli wake, na kwa kanuni hiyo ile nyeusi ya mstatili ndiyo ingeshinda. Picha zilikataa. Mstari wake wa juu ulipita juu ya nyusi, ukazificha, na uso uliokosa nyusi hukosa pia hisia. Picha ya kucheka ilimaliza ubishi: mashavu yalipopanda, fremu nzima ilipanda nayo. Daraja la pua yake ni la chini, kama wengi wetu tulivyo, na plastiki ile isiyo na vipira haikupata pa kushika. Ilikuwa imeegemea mashavu. Ndiyo maana naiweka kanuni ya umbo la uso nyuma ya mambo matatu ambayo picha inayaonyesha wazi: upana, nyusi na pua.

Ya kahawia ilifika karibu na ukingo wa uso bila kuupita. Mstari wake wa juu ulifuata mkunjo wa nyusi, ukiziacha zionekane, na mboni zilikaa karibu na katikati ya lenzi, zikielekea puani kidogo. Ncha zilizoinuka zilivuta macho ya mtazamaji juu, na kidevu kifupi hakikuonekana kifupi tena. Alipocheka, haikusogea.

Hata hivyo, picha haikutuambia kila kitu. Lenzi ya minasi 5 hufanya macho yaonekane madogo, na ukitazama kwenye pembe yake utaona ukingo wa shavu umekatika na kuingia ndani. Plastiki ya kujaribia haionyeshi hayo. Kadiri lenzi inavyokuwa pana, ndivyo mkato huo unavyoonekana zaidi na pembe zinavyokuwa nene, sababu nyingine ya kuiacha ile nyeusi. Uzito nao haupigwi picha. Tulimwambia ainame kama anayesahihisha madaftari na kutikisa kichwa. Fremu iliteleza kidogo. Fundi akavisogeza vipira vya puani, akakunja ncha za mikono nyuma ya masikio, ikatulia.

Jioni alizituma picha kwa watu watatu, kila mmoja peke yake, bila kutaja aliyoipenda, kwa sababu kwenye kundi la familia wa kwanza kusema huwavuta wote. Wawili walichagua ya kahawia. Mama alichagua nyeusi. Kesho yake mdogo wangu alirudi dukani akalipia ya kahawia. Nawe ukienda, usiende peke yako: nenda na mtu wa kukushikia simu, asimame mita moja na nusu, na ucheke kwenye picha ya mwisho.