Shimo Lina Kina Gani? Hesabu za Mhasibu Anayetaka Kuwa Fundi Viyoyozi

Anayetaka kubadili kazi akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu hupewa ushauri uleule kila kona: weka kwanza akiba ya matumizi ya miezi sita. Nimeona ushauri huo ukiwaangusha watu wazima wenye familia. Si kwamba kuweka akiba ni kosa. Kosa ni kwamba hiyo miezi sita haikutoka kwenye hesabu yoyote ya mhusika. Haijui atasoma kwa muda gani, vifaa vyake vitagharimu kiasi gani, wala wateja wataanza kumwamini lini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuifanye kwa mfano wa mhasibu wa Dar es Salaam mwenye miaka 43, ameoa na ana watoto wawili shuleni, ambaye amechoshwa na vitabu vya hesabu na anataka kuwa fundi wa kufunga na kutengeneza viyoyozi. Mwenza wake ana genge linaloingiza shilingi 300,000 kwa mwezi. Mapato ya ufundi nitakayotaja ni makadirio ya mfano huu tu, kwa hiyo msomaji aweke ya kwake.

Tuanze na kile anachokiacha, maana hapo ndipo wengi hukosea mwanzo. Mshahara wake kabla ya makato ni milioni 2. Asilimia 10, yaani 200,000, inakwenda NSSF. Kinachobaki kinakatwa kodi ya mapato ya 368,000, na mkononi anapata 1,432,000. Ukimuuliza anapoteza nini akiacha kazi, atakutajia hiyo 1,432,000. Lakini mwajiri naye anamchangia NSSF 200,000 nyingine, kwa hiyo kila mwezi kuna 400,000 zinazoingia kwenye uzee wake bila yeye kuzishika. Kuna pia bima ya afya ya familia, ambayo tuseme akijilipia mwenyewe itamgharimu 80,000 kwa mwezi. Thamani halisi ya kazi anayoiacha ni 1,912,000, karibu nusu milioni zaidi ya anayoiona kwenye simu yake mwisho wa mwezi.

Namba ya pili ni ile ambayo nyumba haiwezi kuishi chini yake. Hapa wenzi wawili wanapaswa kukaa na daftari na kuandika matumizi ya mwaka mzima, si ya mwezi mmoja, kwa sababu ada za Januari na kodi ya nyumba inayolipwa miezi sita kwa mkupuo hazionekani ukitazama mwezi wa Mei peke yake. Jumla ya mwaka ndiyo inagawanywa kwa 12. Tuseme baada ya kubana wamefika 1,150,000 kwa mwezi. Genge linatoa 300,000, zinabaki 850,000, na ukiongeza bima wanayopaswa sasa kujilipia unapata 930,000. Huo ndio mzigo wa fundi mtarajiwa kila mwezi, apate kazi asipate.

Sasa tumwache aache kazi leo. Anasoma miezi sita bila kipato. Ada na mahitaji ya chuo ni 900,000, na vifaa (geji, pampu ya kunyonya hewa, mtungi wa gesi, drili, ngazi na vya kulehemu mabomba ya shaba) vinamla milioni 2.1. Akimaliza, miezi mitatu ya kwanza ya kazi anabakiwa na 200,000 kwa mwezi baada ya nauli, gesi na vipuri. Mitatu inayofuata 450,000, kisha 700,000, na hatimaye, mwezi wa 16 tangu aache mshahara, anafikisha zile 930,000.

Andika pengo la kila mwezi, ujumlishe. Miezi sita ya masomo inakula milioni 5.58. Miezi tisa ya kujijenga inakula milioni 4.32. Ongeza ada na vifaa, milioni 3. Jumla ni milioni 12.9, na hicho ndicho kina cha shimo: mahali akiba inapofika chini kabisa kabla haijaacha kupungua. Angalia sasa ile akiba ya miezi sita. Mara sita ya 930,000 ni milioni 5.58. Ingeisha siku anayopewa cheti, akiwa hana hata bisibisi.

Kina hicho bado kinadhani kila kitu kitakwenda kama kilivyopangwa. Kipimo ninachokiamini ni kurudia hesabu huku mapato yote yakisogezwa mbele miezi mitatu, kwa sababu kuchelewa ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote. Miezi mitatu mitupu inaongeza milioni 2.79, na akiba inayohitajika inafika karibu milioni 15.7. Ofisi zinazomwita fundi hazilipi siku ya kazi. Hati ya madai huzunguka mezani wiki kwa wiki, na fedha ambayo haijafika mkononi hailipi ada. Kwa hiyo kwenye jedwali fedha iandikwe mwezi inapopokelewa, si mwezi kazi ilipofanyika.

Kwa kazi ya viyoyozi kuna jambo jingine, nalo ni majira. Dar es Salaam huunguza kuanzia Desemba hadi Machi, na simu za fundi hazinyamazi. Juni hadi Agosti kunapoa, watu wanafungua madirisha. Anayeingia mtaani Mei anaanza na miezi yake mibovu kuliko yote akiwa bado hajulikani. Anayeingia Novemba anapata miezi minne ya kujulikana kabla ya ukame. Kila kazi ina majira yake, na ni vizuri kumuuliza aliye ndani ya kazi hiyo mwezi gani huwa anakopa.

Milioni 15.7 ni fedha nyingi kwa mhasibu huyu. Akiishi kuanzia sasa kwa bajeti iliyobanwa huku mshahara ukiendelea kuingia, anaweza kuweka 582,000 kwa mwezi, na itamchukua miezi 27 kuzifikisha. Lakini kuna njia ya kulifanya shimo lenyewe liwe fupi: asome jioni na mwishoni mwa wiki akiwa bado kazini. Ile miezi sita mitupu inafutika. Kinabaki kipindi cha kujijenga, vifaa, na ile miezi mitatu ya tahadhari, jumla milioni 9.21. Pamoja na ada anayolipa kutoka kwenye mshahara, miezi 18 inamtosha. Na hiyo miezi 18 ni jaribio pia. Kama familia inashindwa kuishi kwa 1,150,000 wakati mshahara upo, haitaweza utakapokosekana, na ni heri kulijua hilo mapema.

Miezi hiyo inampa kitu kingine ambacho karibu apoteze bila kujua. Tuseme amechangia NSSF miezi 168. Haki ya pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya angalau miezi 180. Akiacha leo amepungukiwa miezi 12, na atalazimika kuijazia kwa uchangiaji wa hiari wakati ambao kila shilingi inagombaniwa. Akiacha baada ya miezi 18 amefikisha 186. Ajue pia kwamba fao la kukosa ajira halikuwekwa kwa ajili ya anayeacha kazi kwa hiari yake, kwa hiyo lisiingie kwenye hesabu. Na kama ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, aumalize au akubaliane na benki kabla ya kuandika barua, kwa kuwa rejesho halisimami mshahara unaposimama.

Akiba hiyo ikae mahali inapotoka haraka. Kiwanja si akiba ya kazi hii. Ukikiuza kwa shida unakiuza kwa bei ya mwenye shida. Kikoba ni kizuri, lakini fedha yake hutoka mzunguko unapovunjwa, na njaa ya mwezi wa nne haisubiri Desemba. Sehemu ya matumizi ya miezi miwili iwe benki, nyingine iwe kwenye mfuko kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao fedha yake huipata ndani ya siku chache za kazi.

Tumefika kwenye swali ambalo watu hulitaja kwa jina moja ingawa ni maswali matatu: lini nitarudisha? Kuna siku ya kujilisha, kipato kipya kinapofikia 930,000 na akiba ikaacha kupungua. Kwa anayesoma jioni ni mwezi wa 10 tangu aache mshahara. Kuna siku ya kulingana, kipato kinapofika 1,912,000, thamani kamili ya kazi ya zamani. Na kuna siku ya kurudisha, ambapo yote aliyoyakosa njiani yamefidiwa. Wengi husherehekea siku ya kwanza wakidhani ni ya tatu.

Tukadirie hiyo ya tatu. Mwaka wa kwanza fundi wetu anapata kama milioni 6.8, wakati kazi ya zamani ingempa milioni 22.9. Mwaka wa pili tuseme ni wastani wa milioni 1.4 kwa mwezi. Wa tatu analingana na alipotoka. Amekosa milioni 22 na ushee, ongeza ada na vifaa, milioni 25. Kuanzia mwaka wa nne, kama baada ya gharama na kodi anabakiwa na milioni 2.3 kwa mwezi, anaizidi kazi ya zamani kwa 388,000, na milioni 25 zitarudi baada ya miezi 65. Yaani miaka minane na miezi mitano tangu aondoke. Atakuwa na miaka 53. Mwenzake akianza safari hiihii akiwa na miaka 50 atarudisha akiwa na 60, umri wa kustaafu kwa lazima.

Na kama ufundi utaishia kumpa sawasawa na alichokuwa akipata, milioni 25 hazirudi kamwe. Sisemi basi asiende. Mtu anaweza kununua kazi anayoipenda kwa bei hiyo na asijute, ila aijue bei kabla ya kununua, na mwenza wake aijue pia.

Liko jambo moja la kuamua kabla ya safari kuanza: alama ya kurudi. Kwa huyu ningeiweka kwenye milioni 2.79, matumizi ya miezi mitatu. Akiba ikishuka hadi hapo na kipato kikiwa bado chini ya nusu ya 930,000, atafute kazi ya mshahara, maana kuipata nayo huchukua muda. Kabla ya kufika huko ana daraja ambalo wengi hulionea aibu, nalo ni kazi yake ya zamani. Kutunza vitabu vya maduka mawili matatu kwa 250,000 kwa mwezi, katika ile miezi tisa ya kujijenga, kunapunguza shimo kwa milioni 2.25.

Sheria inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28. Kabla hujaiandika, nenda ofisi ya NSSF uombe taarifa ya michango yako, uhesabu miezi mmoja mmoja. Miezi ambayo mwajiri hakuipeleka ni rahisi zaidi kuidai ukiwa bado kazini.