Kurasa Mbili za Mwalimu

Sanduku la bati lilitolewa chini ya kitanda jioni ya msiba, na funguo zake zikapatikana kwenye mfuko wa koti. Mwalimu alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, mazishi yalikuwa keshokutwa, na binti yake wa pili alikuwa ametwishwa kazi ambayo wengine wote waliikwepa: kuandika wasifu wa marehemu. Hii ni familia moja ya Upareni, wilayani Same, lakini hayo yaliyowapata huwapata karibu wote wanaokaa na kalamu msibani.

Nafasi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne: jalada lenye picha, ratiba, na nyingine zinagawanywa kati ya wasifu, nyimbo na shukrani. Ukiongeza karatasi ya pili unapata kurasa nane, lakini gharama nayo inapanda. Kwa hiyo wasifu wa kurasa mbili, kama maneno 450 hivi, unatosha, nao husomeka kwa dakika tano au sita kabla watu hawajaanza kujinyoosha kwenye viti vya plastiki.

Ndani ya sanduku kulikuwa na faili la kahawia lenye barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua nne za uhamisho, ya kupandishwa daraja, na ya kustaafu. Mwandishi mwenye akili huanzia hapo, haanzii kwenye kumbukumbu za wajomba. Baba mdogo alisema kaka yake alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka saba. Barua zilisema alikaimu kwa miaka mitatu, kisha akaletwa mwalimu mkuu mwingine. Kukaimu si aibu. Ila chini ya turubai watakaa walimu wenzake waliokuwepo, na mmoja wao akicheka chini chini, wasifu mzima umepoteza heshima.

Mwaka wa kuzaliwa nao ulileta zogo. Cheti cha ubatizo kilisema 1955, barua ya ajira ikasema 1957. Kizazi hicho wengi wana miaka miwili ya kuzaliwa, maana umri ulipunguzwa ili mtoto apokelewe shuleni. Binti aliuliza ni upi ulio kwenye nyaraka za pensheni, kwa kuwa ndio ambao familia ingeupeleka RITA kuombea cheti cha kifo. Ukawa 1957, na huo huo ukaandikwa msalabani.

Jambo lililowachukua muda mrefu zaidi lilikuwa herufi tatu: UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliitaka nchi ipeleke watoto wote wenye umri wa kwenda shule darasani kufikia mwaka 1977, na walimu wa kuwafundisha hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wakisomea ualimu, wakatoka na Daraja la C. Marehemu alikuwa mmoja wao: aliingia darasani mwaka 1976, akahitimu mwaka 1979. Mitaani walitaniwa kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, na utani huo haujafa.

Kaka mkubwa alitaka iandikwe tu kwamba “alisomea ualimu”. Dada yake akakataa, na alikuwa na sababu. Ukificha mwanzo, unafuta na kilichofuata: mtu huyo, akiwa tayari na watoto wawili, alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaenda chuoni, akarudi na Daraja la A mwaka 1996. Sentensi hizo mbili zinaeleza vizuri zaidi mwalimu alikuwa mtu wa namna gani kuliko sifa kumi za “mchapakazi, mcha Mungu na mpenda watu”, ambazo msomaji wa ratiba za mazishi ameshazisoma kwa marehemu wote wa kata nzima.

Basi sifa zikafutwa moja moja, na kila iliyofutwa ikadai tukio. “Mahiri wa hisabati” ikawa hivi: kila Jumatatu wanafunzi wa darasa la nne walisimama na kutaja jedwali la kuzidisha mpaka la 12 ndipo wakae, na duara aliichora ubaoni kwa mkono mtupu, bila bikari, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Kuhusu fimbo, familia ilitamani kunyamaza. Lakini nusu ya waombolezaji walikuwa wameionja. Ikaandikwa: “Alikuwa mkali, na wanafunzi wake wanalijua hilo.” Hapo sauti imepatikana: haisemi uongo, haimsemi vibaya marehemu, na inawaachia watu nafasi ya kucheka kidogo, jambo linaloruhusiwa msibani.

Ugonjwa ulipewa sentensi moja. Familia nyingi hujaza aya nzima kwa majina ya hospitali na tarehe za vipimo, mpaka mtu aliyefanya kazi miaka 41 anasomeka kama mgonjwa wa miezi minane. Watoto waliandikwa wote sita kwa mfuatano wa kuzaliwa, bila kutengwa kwa mama zao. Shangazi aliguna. Mjane ndiye aliyesema iwe hivyo, maneno yakaisha.

Mwisho wa wasifu ulihitaji kitu cha kufungia. Maandiko yanayotumika sana, 2 Timotheo 4:7 na Ayubu 1:21, yamechapwa kwenye ratiba nyingi kiasi kwamba macho huyaruka. Mjane alichagua Zaburi 90:12, kwa kuwa inazungumzia hesabu ya siku na mumewe alikuwa mtu wa hesabu. Mchungaji akapigiwa simu kwanza, isije ikawa ndiyo aliyoiandalia mahubiri. Mstari huo ukawekwa jaladani chini ya picha, na wasifu ukafungwa kwa ubeti aliotunga mjukuu wa kidato cha tatu.

Mshororo wake wa kwanza ulikuja hivi: “Kengele imeshalia, mwalimu amepumzika.” Unasikika vizuri, mpaka uhesabu. Kipande cha kwanza kina mizani nane, cha pili kina tisa, kwa sababu “m” ya “pumzika” ni silabi kamili. Msomaji angekwama hapo hapo mbele ya jeneza. Tiba yake ilikuwa kubadili “amepumzika” iwe “kapumzika”, na ubeti ukasimama:

Kengele imeshalia, mwalimu kapumzika,
Ubao umebakia, hati haijafutika,
Alizotufundishia, hesabu twazikumbuka,
Mola twakukabidhia, mja wako kaitika.

Neno la mwisho mjukuu alitaka liwe “katoweka”, nalo lina mizani ile ile na kina kile kile. Mama yake akamwambia mwalimu aliyeita majina kwenye daftari la mahudhurio kwa miaka yote hiyo hawezi kutoweka. Naye ameitwa, ameitika.

Saa tatu usiku faili lilikuwa kwenye kompyuta ya steshenari, na nakala ya majaribio ikatolewa. Watu watatu waliisoma wakaipitisha. Kijana wa steshenari, ambaye hakumjua marehemu, ndiye aliyeuliza mbona ndani imeandikwa 1957 na jalada lina 1955. Jalada lilikuwa limetengenezwa asubuhi, kabla sanduku halijafunguliwa. Likarekebishwa, na nakala 250 zikaanza kutoka karibu saa tano.