Fotoni Moja na Namba Iliyozama Chini ya Sifuri

Mwaka 2001 Alexander Lvovsky na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Konstanz kusini mwa Ujerumani, walichapisha mchoro wa hali ya fotoni moja, yaani chembe moja tu ya mwanga. Mchoro huo una ukingo wa mviringo ulioinuka pande zote na shimo katikati. Shimo lile halikuishia kwenye sifuri, bali lilizama chini yake. Namba zilizochorwa pale ni za jamaa ya uwezekano: ukizijumlisha zote unapata 1, kama inavyotakiwa kwa uwezekano wowote. Lakini uwezekano wa kawaida hauwi hasi. Hakuna mvua yenye nafasi ya kunyesha ya asilimia kumi chini ya sifuri. Basi namba hasi ile inatoka wapi, na inapimwaje maabara?

Tuanze na ramani yenyewe. Pendulumu inapoyumba, mambo mawili yanatosha kueleza hali yake yote: ipo wapi, na momenta yake ni kiasi gani, yaani tungamo lake mara kasi yake. Chora mstari wa kulala kwa mahali na mstari wa kusimama kwa momenta, na hali ya pendulumu wakati wowote itakuwa nukta moja kwenye karatasi. Inapoyumba, nukta hiyo huzunguka. Ukichagua vipimo vinavyofaa, njia yake ni duara: pendulumu ikifika ukingoni husimama kidogo, hivyo momenta ni sifuri, ikipita katikati, mwendo ni mkubwa kuliko kwingine kote. Ramani hii ndiyo nyumba ya fizikia ya zamani tangu karne ya 19. Usipojua nukta iko wapi hasa, unatandaza wingu la uwezekano juu ya ramani, zito pale unapodhani ipo na jepesi kwingine. Wingu hilo linaweza kuwa jembamba hadi sifuri, lakini haliwezi kupungua zaidi ya hapo.

Mwanga nao huyumba. Nguvu ya umeme iliyomo ndani ya wimbi la mwanga hupanda na kushuka kwa hesabu zilezile za pendulumu, kwa hiyo mwanga una ramani yake pia: upande mmoja ukubwa wa nguvu ya umeme kwa wakati fulani, upande wa pili ukubwa wake robo ya mzunguko baadaye. Hapa ndipo fizikia ya kwanta inapoingilia. Kwa kanuni ya Heisenberg, vitu hivyo viwili havijulikani kwa pamoja kwa usahihi kamili, kwa hiyo nukta moja kwenye ramani haina maana tena. Mwaka 1932 Eugene Wigner, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria, alitoa fomula inayochora ramani hata hivyo. Fomula yake inatimiza sharti moja kubwa. Ukijumlisha namba zote zilizo juu ya mstari mmoja ulionyooka, kwa upande wowote utakaochagua, unapata uwezekano halisi wa kile kinachopimwa kwa upande huo. Jumlisha wima, unapata uwezekano wa mahali. Jumlisha kwa kulala, unapata uwezekano wa momenta.

Sharti hilo peke yake linatosha kuonyesha kwa nini fotoni moja lazima izae namba hasi, na hoja yake haihitaji hesabu ngumu.

Ukipima nguvu ya umeme ya mwanga wenye fotoni moja kamili, mara nyingi sana, utapata majibu ya upande wa chanya na ya upande wa hasi kwa usawa, lakini hutapata kamwe jibu la sifuri. Uwezekano wa sifuri ni sifuri kamili. Hata ukibadili upande wa kupimia, jibu ni lilelile, kwa sababu hali ya fotoni moja haina upande inaoupendelea; ramani yake ni ya mviringo. Sasa chora mstari upitao katikati ya ramani. Jumla ya namba zilizo juu yake lazima iwe sifuri. Kama namba zote zingekuwa chanya au sifuri, jumla ya sifuri ingemaanisha kila namba kwenye mstari huo ni sifuri. Na kwa kuwa kila mstari upitao katikati una sharti hilohilo, ramani nzima ingekuwa tupu. Lakini fotoni ipo, na jumla ya ramani nzima ni 1. Njia ya kutoka ni moja tu: ukingo uwe chanya na katikati pawe hasi, vifutane sawasawa kila unapokata mstari kupitia katikati.

Pendulumu ya zamani haifikishwi huko kamwe. Ukijua nguvu zake lakini hujui imeanza lini kuyumba, wingu lake ni pete nyembamba. Ukilijumlisha pete hiyo wima, unapata mrundikano mkubwa kwenye kingo mbili, mahali pendulumu inapokawia, na kiasi kidogo katikati inapopita mbio. Kidogo, lakini si sifuri: pendulumu lazima ipite katikati ili ifike ng'ambo. Fotoni moja inapatikana pande zote mbili bila kupatikana katikati.

Kwa wanaopenda kuliona jambo kwa namba, fomula ya fotoni moja ni fupi. Kwa vipimo ambavyo ħ ni 1, ni hii:

W(x, p) = (1/π)(2x² + 2p² − 1) e^(−x² − p²)

Katikati, x na p zikiwa sifuri, jibu ni −1/π, yaani karibu −0.318. Namba zinabaki hasi hadi umbali wa takriban 0.71 kutoka katikati, kisha zinavuka kuwa chanya. Sehemu hasi yote ikijumlishwa ni kama −0.21, na sehemu chanya ni kama 1.21. Jumla yake ni 1. Eneo lililo hasi ni robo tu ya h, kipimo cha Planck, na udogo huo ndio unaotunza amani. Ili uulize kama fotoni ipo ndani ya eneo dogo kiasi hicho, ungehitaji kupima vitu viwili kwa pamoja kwa usahihi ambao Heisenberg anaukataza. Ukilainisha ramani kwa ukungu mdogo kabisa ambao kanuni hiyo inauruhusu, shimo la katikati linajaa hadi sifuri barabara. Hakuna chombo kitakachowahi kuhesabu matukio hasi.

Namba ile ni nini basi, ikiwa si nafasi ya fotoni kuwepo pale? Jibu zuri kuliko yote lilitolewa na Antoine Royer mwaka 1977, na inafaa kulitilia maanani kwa sababu linaondoa kiini cha mshangao. Namba iliyo katikati ya ramani ya Wigner, ukiacha kigawanyo cha π, ni tofauti ya uwezekano mbili: uwezekano wa kukuta fotoni za idadi shufwa (hakuna, mbili, nne na kuendelea), ukitoa uwezekano wa kukuta idadi witiri (moja, tatu, tano). Chumba kisicho na mwanga kabisa kina idadi shufwa, kwa sababu sifuri ni shufwa, kwa hiyo katikati pake ni +1/π. Fotoni moja kamili ni witiri, kwa hiyo ni −1/π. Nukta nyingine zote hupatikana kwa njia hiyohiyo: kwanza unaisogeza hali nzima mpaka nukta unayoitaka iwe katikati, kisha unauliza swali la shufwa na witiri. Uwezekano wote mbili ni wa kawaida na chanya. Tofauti yao ndiyo inayoweza kwenda chini ya sifuri.

Ukishaelewa hivyo, kazi ya Konstanz inasomeka vizuri. Leza ilipigwa kwenye fuwele maalumu ambayo mara chache huigawa fotoni moja kuwa mbili pacha. Pacha mmoja alipogonga kigunduzi, watafiti walijua mwenzake yupo njiani. Huyo wa pili aliunganishwa na mwale wenye nguvu wa leza kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na tofauti ya umeme wa vigunduzi viwili ikatoa nguvu ya umeme iliyopimwa. Vipimo vingi vya namna hiyo vilirudishwa kuwa ramani kwa hesabu za ukoo mmoja na zile ambazo mashine ya CT hospitalini hutumia kujenga picha ya ndani ya mwili kutokana na vivuli vyake.

Adui wa kazi hii ni upotevu. Kila kioo na kila kigunduzi hula fotoni, na fotoni ikipotea, kinachopimwa ni giza tupu, ambalo ni shufwa. Ufanisi wa jumla wa Konstanz ulikuwa asilimia 55. Yaani mara 55 katika 100 ilikuwa witiri, mara 45 ikawa shufwa. Tofauti ni −0.10, na katikati ya ramani panafika takriban −0.03 tu, sehemu moja ya kumi ya kina kamili. Ufanisi ungeshuka hadi asilimia 50, shimo lingekwisha. Kwa hiyo msomaji wa ripoti za aina hii aulize jambo moja kwanza: je, namba hasi imetoka kwenye vipimo vyenyewe, au imepatikana baada ya kusahihisha upotevu kwenye karatasi? Ya kwanza ni ushahidi mzito zaidi.

Haifai pia kuruka na kusema kwamba ramani isiyo na hasi ni ya fizikia ya zamani. R. L. Hudson alithibitisha mwaka 1974 kwamba hali safi zenye ramani chanya kila mahali ni zile tu zenye umbo la kengele, na miongoni mwake imo mianga iliyobanwa, ambayo mtetemo wake upande mmoja ni mdogo kuliko ule wa giza tupu. Hiyo ni kwanta kamili, ingawa haina hata nukta moja hasi.

Alama hasi ina thamani yake mahali pengine. Mwaka 2012 Andrea Mari na Jens Eisert walionyesha kwamba kompyuta ya kwanta ambayo hali zake, hatua zake na vipimo vyake vyote vina ramani za Wigner zisizo hasi inaweza kuigizwa na kompyuta ya kawaida bila gharama kubwa. Anayetaka mashine ya mwanga iipite kompyuta ya mezani hana budi kuingiza mahali fulani hali, hatua au kipimo chenye ramani iliyo na namba hasi, kama shimo lile la Konstanz, na kuzilinda zisifutwe na upotevu.