Kikombe cha Pili Hakijafunuliwa

Picha ya chai ya Jumamosi asubuhi ni rahisi kupiga, ila maneno ya kuweka chini yake huwashinda wengi. Kikombe kipo, dirisha lipo, mwanga umeingia vizuri. Kisha mtu anaandika "Asubuhi tulivu na chai yangu", na picha inapoa hapo hapo. Sentensi hiyo haina kosa la lugha. Kasoro yake ni kwamba haimwambii mtazamaji kitu ambacho hajakiona. Chai anaiona. Asubuhi anaitambua kwa rangi ya mwanga. Utulivu nao, kama upo, ameuhisi kabla hajasoma neno. Na kama haupo pichani, kuutaja hakuuleti.

Magazeti yetu yana mtindo wake wa kuandika maelezo ya picha, na kila msomaji anaujua hata kama hajawahi kuufikiria. Mkuu wa wilaya akikata utepe. Wananchi wakifuatilia mkutano wa hadhara. Mkulima akianika kahawa. Hiyo "-ki-" inafaa sana panapokuwa na tendo, kwa sababu humkamata mtu katikati ya shughuli yake. Wengi wetu tunauhamishia mtindo huo huo kwenye simu: "Nikipata chai barazani." Lakini picha ya kikombe juu ya meza haina tendo. Hakuna anayekata utepe. Mwandishi akilazimisha tendo, picha inageuka taarifa, na raha ya asubuhi inapotea.

Kwa asubuhi ya polepole, mimi huitafuta "-ja-". Jua halijafika barazani. Watoto hawajaamka. Redio haijawashwa. Siku ya kazi, ikifika saa moja na nusu mambo mengi yameshatendeka: watu wameoga, wamegombania bafu, wameondoka, daladala imejaa. Siku ya mapumziko, saa hiyo hiyo, karibu kila kitu bado. Kule kuchelewa kwa mambo ndiko kunakomfanya mtu akae na kikombe chake, na Kiswahili kinalisema hilo kwa silabi moja tu, bila kuongeza neno "utulivu" wala "amani". Ila moja inatosha. Ukipanga tatu mfululizo, kama nilivyofanya hapo juu kwa ajili ya mfano, msomaji anaanza kuhesabu badala ya kutazama. Tena jambo lililokuwa bado sharti lihusiane na kitu kinachoonekana pichani, au sivyo litabaki likielea.

Mfano mmoja utaeleza haya vizuri zaidi. Binti wa kaka yangu anaishi Tanga na mama yake. Jumamosi moja alinitumia picha kwa simu: meza ya mbao yenye kitambaa cha plastiki, sahani ya mahamri, bakuli la mbaazi za nazi, kikombe kimoja cha chai ya maziwa, na pembeni kikombe kingine kilichofunikwa kifudifudi juu ya kisahani chake.

"Shikamoo shangazi. Nipe maneno ya kuweka stetasi."

"Marahaba mwanangu. Wewe umeandika nini?"

Alikuwa ameandika: "Asubuhi njema wapendwa, wikendi imeanza na chai safi." Nikamwuliza hicho kikombe cha pili ni cha nani. Akasema ni cha mama. Mama yuko wapi? Amelala, alikuwa zamu ya usiku hospitali, amerudi alfajiri. Mbaazi alizipika nani? Yeye mwenyewe, jana jioni, maana mbaazi zikilala huwa tamu zaidi.

Pale tayari kulikuwa na maneno ya kutosha picha mbili. Jaribio letu la kwanza lilikuwa refu: "Mama alikuwa zamu ya usiku na amerudi alfajiri, kwa hiyo amelala, nami nakunywa chai peke yangu nikimsubiri aamke tule pamoja." Yote ni kweli, na yote ni maelezo. Tukaondoa "nakunywa chai", kwa kuwa chai inaonekana. Tukaondoa "peke yangu", kwa kuwa kikombe kimoja kilichojaa kando ya kingine kilichofunikwa kinasema hivyo. Tukaondoa "kwa hiyo amelala", kwa sababu mtu aliyerudi zamu alfajiri kila mmoja anajua yuko wapi saa mbili. Zikabaki sentensi mbili:

"Mama karudi zamu alfajiri. Kikombe chake hakijafunuliwa."

Tazama zinavyofanya kazi. Ya kwanza inatoa habari ambayo kamera haikuweza kuiona. Ya pili inamrudisha mtazamaji kwenye picha, akakitafute kile kikombe ambacho pengine alikipita bila kukijali. Ndiyo kazi ninayoitaka kwa maneno ya chini ya picha: yalirudishe jicho juu. Tulijaribu kugeuza mpangilio, kikombe kitangulie na mama afuate, ikawa kama kitendawili kinachofuatwa na jibu lake. Tukaurudisha ulivyokuwa. "Karudi" nayo ilibaki badala ya "amerudi", kwa kuwa ndivyo binti anavyosema nyumbani, na maneno ya asubuhi yanapendeza yakiwa na sauti ya mwenye nyumba.

Wapo wasiokuwa na kikombe cha pili. Kwao nashauri sauti na harufu, vitu viwili ambavyo picha haina namna ya kuvibeba. Pwani muuza kahawa wa kutembeza hujitangaza kwa kugonganisha vikombe vyake vidogo vya udongo mkononi, na mlio ule hufika chumbani kabla yeye hajafika dirishani. Aliyepiga picha ya kahawa nyeusi na kipande cha kashata akiandika "Nimevisikia vikombe vyake tangu kona ya msikiti", amempa msomaji mtaa mzima. Kwa chai, taja kilichomo. "Chai ya viungo" ni neno la menyu. "Tangawizi imezidi leo" ni neno la mtu aliyeichemsha. Mchaichai uliochumwa uani, iliki iliyotwangwa na maganda yake, sukari iliyokwisha ikabidi itumike asali: hayo yanakaa vizuri kwenye mstari mfupi, kwa sharti moja, yawe ya kweli.

Sharti hilo nalisisitiza kwa sababu picha humsuta mwandishi haraka. Chai ya maziwa ikikaa, utando hujitanda juu na kukunjamana pembeni ya kikombe. Ukiandika "ya moto kutoka jikoni" juu ya picha yenye utando, anayepika chai kila siku ataona mara moja kwamba ulikuwa ukihangaika na simu kwa dakika nyingi. Hapo afadhali uandike ulichokuwa ukikifanya chai ikipoa. Na mvuke una kanuni zake. Ule moshi mweupe tunaouona ni vitone vidogo sana vya maji, navyo huonekana vikimulikwa kutoka nyuma au ubavuni, na nyuma yake pakiwa na giza kidogo. Weka kikombe kati yako na dirisha, pembeni kidogo ya mwanga, mbele ya ukuta uliofifia au mlango wa chumba chenye giza, uzime taa ya ndani, upige mara tu baada ya kumimina. Mbele ya ukuta mweupe unaong'aa, mvuke huo huo haupo. Ukiwa umeupata pichani, usiutaje. Ukiwa umeukosa, ndipo maneno yaweza kubeba joto: kikombe kilivyobebwa kwa ncha ya kanga, kwa mfano.

Urefu nao una mipaka. Kwenye Instagram unaruhusiwa kuandika hadi herufi 2,200, lakini anayepita huonyeshwa mwanzo tu, na mengine hujificha mpaka abonyeze. Kwa picha ya namna hii, kinachojificha mara nyingi hakikuhitajika. Mimi hupima kwa pumzi: nikisoma kwa sauti na kulazimika kuvuta pumzi mara mbili, napunguza. Rundo la alama za reli chini ya maneno silipendi kabisa kwenye picha ya kikombe. Linaweka tangazo mahali pa mazungumzo. Kipo na kipimo kingine ambacho hakijawahi kuniangusha, cha kuhamisha maneno. Chukua mstari wako uuweke chini ya picha ya chai ya jirani. Kama unakaa sawasawa, basi si wa picha yako. "Asubuhi njema wapendwa" unakaa popote, hata chini ya picha ya bahari. Ule wa zamu ya alfajiri haukai kwingine ila kwenye meza ile ya Tanga.

Kahawa ya barazani inadai uangalifu zaidi kuliko chai ya mezani, kwa kuwa ina watu. Dele la shaba juu ya jiko lake la mkaa ni zuri sana kupigwa picha, na wazee wanaolizunguka ni wazuri zaidi, lakini wao hawakuketi pale kwa ajili ya stetasi ya mtu. Waombe kwanza. Wakikataa, piga dele na mikono, na maneno yaseme juu ya mazungumzo kwa ujumla, kama ni mpira au bei ya samaki, bila kumtaja aliyesema nini. Nyumbani ni vilevile. Binti alimsomea mama yake ile mistari miwili alipoamka, kabla ya kuirusha, kwa kuwa habari ya zamu ilikuwa ya mama, si yake. Mama aliridhia, ila akataka sahani ya mahamri isogezwe ifiche lile pindo la kitambaa lililochanika. Picha ikapigwa upya, kikombe kikaachwa kifudifudi kwa dakika moja zaidi. Hilo sikulipinga: kikombe kilikuwa chake, na kweli kilikuwa hakijafunuliwa mpaka saa hiyo.

Stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na maneno huondoka nayo. Picha za studio za zamani zilikuwa na mgongo, watu wakaandika kwa kalamu: ukumbusho, mahali, mwaka, nani yupo. Simu nazo zina mahali pa kuandika hayo. Kwenye hifadhi nyingi za picha, ukiifungua picha na kuivuta juu, utakuta nafasi ya maelezo. Binti alinakili mistari yake humo, akaongeza yale ambayo hayakufaa stetasi: jina la mtaa, tarehe, kwamba mbaazi zilikuwa za jana, na kwamba mama aliamka saa tano kasorobo akala zote zilizobaki.