Kadi ya Harusi Ikishushwa Joho

Kadi ya harusi ya Dar es Salaam ina lugha yake, na mtu aliyewahi kupokea tatu anaweza kuikariri. Tuseme hii ni ya vijana wawili wa kubuni, Baraka na Neema:

"Familia ya Bwana na Bibi … wa Tegeta, Dar es Salaam, inayo furaha kubwa kukualika Mhe./Prof./Dkt./Bw./Bi. … katika hafla ya ndoa ya kijana wao mpendwa Baraka na Neema, binti wa Bwana na Bibi … wa Moshi. Ibada ya ndoa itafanyika siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2026, saa 8:00 mchana, katika Kanisa Kuu la Azania Front, na kufuatiwa na tafrija katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, kuanzia saa 12:30 jioni. Mavazi: wanaume suti nyeusi, wanawake gauni refu la kijani kibichi. Kadi hii ni ya watu wawili. Kufika kwako ndiko kufanikisha shughuli hii."

Kwa mkwe, mchungaji na bosi, kadi hiyo inatosha kama ilivyo. Lakini Baraka ana rafiki zake wa chuo, na kuwaandikia hao "inayo furaha kubwa kukualika" ni kama kuwavalisha joho. Basi binamu yake, ambaye ni mjumbe wa kamati, anajitolea kuilegeza kwa ajili ya kuituma kwenye simu:

"Jamani! Baraka na Neema wanafunga pingu za maisha Desemba 12. Tukutane Azania mida ya mchana, halafu usiku tunasogea pale Diamond kula na kucheza. Pendezeni, rangi yetu ni kijani. Karibuni sana!"

Inachangamka, na ukiisoma haraka unadhani kila kitu kimo. Sasa mpe mtu ambaye hajaiona kadi, umuulize aondoke nyumbani saa ngapi. "Mida ya mchana" kwa wengine ni saa 6, kwa wengine ni saa 9, na anayefika saa 9 atawakuta maharusi wakipiga picha nje ya kanisa. "Usiku" nao unaanza baada ya jua kuzama, kwa hiyo mgeni wa saa 2 hana kosa lolote kwa mujibu wa ujumbe huo, ingawa maharusi wameshaingia ukumbini na keki imeshakatwa.

Hapa ndipo penye mtego wa kazi hii. Kiswahili cha mazungumzo kinalegea kwa maneno kama "mida ya", "hivi", "pale" na "kama saa nane". Maneno hayo ndiyo yanayoipa sentensi sauti ya kirafiki, na hayohayo ndiyo yanayotoboa taarifa. Kwa hiyo anayelegeza kadi atafute ucheshi kwingine: katika salamu, katika utani, katika sababu ya kumtaka mtu aje. Saa, siku, mahali na mavazi vibaki vimekazwa kama vilivyokuwa kwenye karatasi.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa sisi tunahesabu kuanzia asubuhi na simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "saa 8:00" tupu, mtu anaiingiza 8:00 kwenye kalenda ya simu, na simu inamwamsha kwa ibada ya saa 2 asubuhi. Neno "mchana" au "jioni" halipaswi kukatwa hata ujumbe ukiwa mfupi namna gani. Kwa ndugu walio ng'ambo ongeza na 14:00 au 18:30 pembeni. Siku ya juma nayo isiachwe, maana ikikaa pamoja na tarehe, moja huifichua nyingine ikikosewa: aliyeandika "Jumamosi, 13 Desemba 2026" atashtuliwa na mtu mwenye kalenda kabla ujumbe haujafika mbali. Na ukiwa na wageni wa Pwani, ogopa "usiku wa Jumamosi". Kwa wengi waliozoea siku kuanza magharibi, huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani jana yake.

Kwa upande wa mahali, "Diamond" inatosha kwa mwenyeji wa Upanga. Shangazi wa Moshi anaweza kudhani ameitwa kwenye tamasha la mwanamuziki. Jina kamili la ukumbi pamoja na mtaa havileti urasimu wowote. Kuna pia shughuli ngapi? Familia hiyohiyo huenda ina sendofu na kicheni pati siku za karibu, hivyo "sherehe yetu" haisemi kitu. Kwenye harusi za Kiislamu, ambako nikaha inaweza kuwa msikitini na shughuli ya wanawake ukumbini saa nyingine, ujumbe useme nani anaitwa wapi.

Kuhusu mavazi, binamu amepoteza mengi kuliko anavyodhani. "Rangi yetu ni kijani" imefuta suti nyeusi, na wanaume wawili watatu watatokea na mashati ya kijani. Imefuta urefu wa gauni. Na "kijani" bila "kibichi" kinaanzia zumaridi mpaka rangi ya sare za jeshi. Picha ya kitambaa ikiambatana na ujumbe inasaidia, ila isichukue nafasi ya maneno, kwani rangi hubadilika kutoka kioo cha simu moja hadi nyingine.

Halafu kuna lile "Jamani" na "Karibuni". Kadi ilizungumza na mtu mmoja na kumpa nafasi mbili. Wingi wa binamu umealika nyumba nzima, watoto na dada wa kazi wakiwemo, wakati mpishi analipwa kwa sahani. Isitoshe, ujumbe uliochangamka namna hiyo bila kutaja nafasi unafanana sana na ule wa kuomba mchango. Kuna watu watausoma huku wakitafuta namba ya kutumia pesa.

Baraka akaamua kuandika mwenyewe, akimtaja kila rafiki kwa jina:

"Rehema, za siku nyingi? Mimi na Neema tunaoana, na wazazi wa pande zote mbili wanakuita. Ibada ni Jumamosi, 12 Desemba 2026, saa 8:00 mchana, Kanisa Kuu la Azania Front. Kisha tunakula na kucheza Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, kuanzia saa 12:30 jioni. Njoo na mwenzako, nafasi zenu ni mbili. Wanaume suti nyeusi, wanawake gauni refu la kijani kibichi. Usipokuja nitanuna mpaka Pasaka."

Wazazi hawakupotea, ingawa sasa anayezungumza ni kijana wao. Kuwaondoa kabisa kungebadilisha mwenye shughuli, na wazee wangelisikia hilo mapema. Utani umewekwa mwishoni, mbali na saa na mavazi, ili asiyeuelewa asikose kitu. Ujumbe huu hauendi kwa shangazi. Yeye hupigiwa simu kwanza, huanza na shikamoo, kisha hupelekewa kadi yenyewe mkononi.

Ikitokea ukumbi umebadilika baada ya kutuma, usiutume upya ujumbe wote ukiwa umebadilisha neno moja katikati, kwa sababu hakuna atakayeliona. Andika mistari miwili isiyo na utani: "Ukumbi umebadilika. Si Diamond Jubilee tena." Fuatisha jina na mtaa wa ukumbi mpya, kisha sema kwamba tarehe, kanisa, saa na mavazi ni vilevile.