Seva ya Nyumbani Isiyofikika kutoka Nyumbani

Seva ya Minecraft iliyowekwa nyumbani huweza kupokea wachezaji wa mbali bila shida, huku aliye chumba cha pili akishindwa kuingia. Tuseme seva ina anwani 192.168.1.10, mchezaji wa ndani ana 192.168.1.20, na ruta inaonekana kwenye intaneti kama 203.0.113.7. Ruta imeagizwa kupeleka kwa seva kila kinachofika kwenye mlango 25565.

Mchezaji wa ndani akiandika 203.0.113.7, ombi lake hufika kwenye ruta kutoka upande wa ndani. Ruta nyingi hutumia agizo lile kwa vinavyotoka nje tu, hivyo ombi hutupwa. Nyingine hulipeleka kwa seva, lakini hapo ndipo tatizo hujificha: seva huona mwombaji ni jirani yake 192.168.1.20, ikamjibu moja kwa moja bila kupitia ruta. Kompyuta ya mchezaji ilitarajia jibu kutoka 203.0.113.7, likija kutoka 192.168.1.10 hulikataa.

Dawa ni ruta kubadilisha anwani zote mbili, ya mpelekewa na ya mtumaji, ili seva idhani ombi limetoka kwa ruta na kulijibia huko huko. Safari hiyo ya kwenda na kugeuka hupinda kama kibanio cha nywele. Kwenye mipangilio ya ruta huitwa `NAT Loopback`. Isipokuwepo, mchezaji wa ndani aandike tu 192.168.1.10.