Koma Haikomeshi Sentensi

Tuseme ni saa mbili usiku, na katika simu za wanachama wa kikoba kimoja cha mtaani umeingia ujumbe wa katibu msaidizi. Umeandikwa hivi:

"Kikao kilivunjika saa kumi mwenyekiti alipofika wanachama wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Mweka hazina amebaki na daftari, ufunguo mmoja wa sanduku hauonekani. Fedha zilihesabiwa na zilitiwa kwenye sanduku na sanduku lilifungwa na lilipelekwa kwa katibu na wanaodaiwa walipe Jumamosi na wasiofika watatozwa faini."

Maneno yote ni ya Kiswahili safi, na hakuna hata moja lililoandikwa vibaya. Hata hivyo, kabla ya saa tatu simu zimeanza kulia. Mmoja anauliza kama kweli mwenyekiti alikivunja kikao. Mwingine anataka kujua mweka hazina amefanya nini na ufunguo. Wa tatu hakufika mwisho wa ujumbe, kwa hiyo habari ya faini haijui.

Kila swali limezaliwa na kosa lake, na makosa yote matatu ni ndugu: sentensi zinazojitegemea zimeunganishwa kwa njia isiyofaa. Katika mstari wa kwanza zimegandana bila alama yoyote. Katika wa pili zimeshikizwa kwa koma peke yake. Katika wa tatu zimefungwa kwa "na" juu ya "na" mpaka msomaji anakosa pa kuweka mguu. Vitabu vingine vya sarufi huyaita ya kwanza na ya tatu kwa jina moja, lakini dawa zake hazilingani, hivyo ni afadhali kuyatenganisha.

Mstari wa kwanza ndio wenye hatari zaidi. Tatizo limekaa katikati, kwenye maneno "mwenyekiti alipofika". Kishazi chenye "-po-" hakisimami peke yake, ni lazima kiegemee kitenzi kingine, na hapa kina pa kuegemea pande mbili. Kikiegemea nyuma, habari ni kwamba kikao kilivunjika saa kumi, mara tu mwenyekiti alipoingia. Kikiegemea mbele, kikao kilikuwa kimevunjika zamani, naye mwenyekiti alikuja kukuta viti vitupu. Katika habari ya kwanza huenda yeye ndiye aliyekivunja. Katika ya pili kosa lake ni kuchelewa tu.

Njia nyepesi ya kutenganisha ni nukta: "Kikao kilivunjika saa kumi. Mwenyekiti alipofika, wanachama wengi walikuwa wamekwisha kuondoka." Njia ya pili ni kuleta kiunganishi pamoja na koma: "Kikao kilivunjika saa kumi, na mwenyekiti alipofika wanachama wengi walikuwa wamekwisha kuondoka." Ya tatu ni kuifanya sentensi moja iwe tegemezi, kwa kusema sababu waziwazi: "Kwa kuwa kikao kilivunjika saa kumi, mwenyekiti alipofika wanachama wengi walikuwa wamekwisha kuondoka." Hii ya tatu ina nguvu kuliko nyingine, lakini pia inadai zaidi. Inadai mwandishi awe na uhakika kwamba jambo moja ndilo lililozaa la pili.

Kuna njia ya nne ambayo watu wengi huikimbilia, nayo si dawa. Ni kuchomeka koma baada ya "kumi" na kuendelea na safari. Koma hiyo inaondoa utata kidogo, ila inalihamisha kosa kutoka chumba kimoja hadi cha jirani, yaani kwenye kosa la mstari wa pili.

Tabia hiyo ina asili yake. Wanafunzi wengi wamefundishwa kuweka koma pale wanapovuta pumzi, na jina jingine la alama hii, kipumuo, linatilia nguvu fundisho hilo. Tena fundisho lenyewe ni la kale sana. Yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristofane wa Bizanti, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria nchini Misri, alianza kuweka vitone katika maandishi ya Kigiriki ili kumwongoza msomaji anayesoma kwa sauti. Kitone kilipangwa juu, katikati au chini kulingana na urefu wa pumziko, na kipande kifupi kuliko vyote kiliitwa "koma", neno lenye maana ya kitu kilichokatwa. Waliotafsiri jina hilo kwa "mkato" hawakukosea hata kidogo. Kwa Kiswahili limeingia na mchezo wake: kitenzi "koma" maana yake ni acha, simama, ilhali alama ya koma haina mamlaka ya kusimamisha sentensi.

Pumzi ilifaa wakati maandishi yalikuwa ya kusomwa mbele ya watu. Anayesoma kimya kwenye daladala hasikii pumzi ya mwandishi. Anachokitafuta ni uhusiano wa mambo: lipi ni sababu, lipi ni matokeo, lipi limetajwa tu kwa kuwa limetokea siku hiyohiyo.

Hapo ndipo mstari wa pili unapomponza mweka hazina. "Mweka hazina amebaki na daftari, ufunguo mmoja wa sanduku hauonekani." Koma imeweka mambo mawili bega kwa bega bila kusema yanahusianaje, na msomaji, kwa kuwa ni binadamu, anaujaza mwenyewe uhusiano uliokosekana. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu tofauti. Kwa hiyo mtu aliyetajwa sentensi moja na ufunguo uliopotea tayari yuko kizimbani.

Nukta inamtoa: "Mweka hazina amebaki na daftari. Ufunguo mmoja wa sanduku hauonekani." Mambo ni mawili, na kila moja lina mlango wake. Anayependa kuyaweka karibu zaidi anaweza kutumia nuktamkato mahali pa nukta, ingawa katika ujumbe wa simu alama hiyo inaonekana kama mtu aliyevaa suti sokoni. Kiunganishi nacho kinafaa: "Mweka hazina amebaki na daftari, lakini ufunguo mmoja wa sanduku hauonekani." Lililo zuri zaidi ni kugeuza: "Ingawa ufunguo mmoja wa sanduku hauonekani, daftari liko salama kwa mweka hazina." Sasa ufunguo umeshuka kuwa habari ya pembeni, na mweka hazina amekuwa mlinzi wa daftari.

Jinsi ya kuligundua kosa hili ni rahisi, na haihitaji kujua majina ya vishazi. Mwandishi aifute koma na kuweka nukta. Kama pande zote mbili zimesimama kila moja kwa miguu yake, basi ile koma ilikuwa imebebeshwa mzigo usio wake. Kama upande mmoja umeanguka, koma iko mahali pake. Jaribu kwenye "Ungeniambia mapema, ningekuja." Ukitia nukta, "Ungeniambia mapema" inabaki ikining'inia, kwa hiyo koma na ikae. Ndivyo ilivyo kwa "Mvua ikinyesha, tutahamia ndani." Viambishi "-nge-", "-ki-" na "-po-" hufanya kazi ya kiunganishi ndani ya kitenzi chenyewe, jambo linalompa mwandishi wa Kiswahili nyenzo ambayo Mwingereza analazimika kuitafutia neno zima.

Mbishi atasema methali zinavunja kanuni hii kila siku. Ni kweli. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Pande zote mbili zinasimama, na katikati hamna kitu ila koma. Lakini methali ni fupi, ina mizani, na uhusiano wa pande zake unajulikana na kila mtu kabla haijatamkwa. Mhariri mwenye busara huiacha. Sentensi ya ripoti au tangazo haina ulinzi huo.

Kuna kundi jingine linalofanana na kosa nalo si kosa, na hili ndilo linaloponya mstari wa tatu. Msimulizi wa hadithi anaposema "Sungura alifika mtoni, akainama, akanywa maji, akaondoka", koma zimefuatana bila kiunganishi hata kimoja, na hakuna sikio linaloumia. Kamba iko ndani ya vitenzi. Kiambishi "-ka-" humwambia msikilizaji kwamba tendo hili limefuata lile lililotangulia. Kinachohitajika ni kitenzi cha kwanza cha kufungua njia, mara nyingi chenye "-li-", na matukio yaliyofuatana kweli.

Katibu msaidizi alikuwa na mfuatano wa namna hiyo mkononi, akauharibu kwa kurudia "na zili-, na lili-" kila hatua. Ukimpa "-ka-", unapata: "Fedha zilihesabiwa, zikatiwa kwenye sanduku, sanduku likafungwa, likapelekwa kwa katibu." Viunganishi vitatu vimeondoka na safari ya fedha inaonekana hatua kwa hatua.

Kamba hiyo ina mwisho wake. Haiwezi kufunga yaliyotokea pamoja na yatakayotokea, kwa hiyo deni la Jumamosi na faini lazima vikatwe kwa nukta: "Wanaodaiwa walipe Jumamosi. Wasiofika watatozwa faini." Pia "-ka-" haina ukanushi wa kawaida. Mtu hawezi kusema "akaita, hakajibiwa". Wenye lugha husema "akaita asijibiwe", na hapo koma haina hata kazi.

Njia ya tatu ya kupunguza msururu ni kuchagua jambo kuu na kuyakunja mengine kwa kirejeshi: "Sanduku lenye fedha zilizohesabiwa lilifungwa na kupelekwa kwa katibu." Sentensi moja, vitenzi vikuu viwili, na "na" moja. Njia hii inafaa pale msomaji anapotaka kujua sanduku liko wapi na hahitaji kushuhudia fedha zikihesabiwa. Kwa wanachama wa kikoba, ambao kuhesabu ndiko kunakowapa usingizi, mfuatano wa "-ka-" ni bora.

Ujumbe uliotengenezwa ungesomeka hivi:

"Kikao kilivunjika saa kumi. Mwenyekiti alipofika, wanachama wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Fedha zilihesabiwa, zikatiwa kwenye sanduku, sanduku likafungwa, likapelekwa kwa katibu. Ingawa ufunguo mmoja hauonekani, daftari liko salama kwa mweka hazina. Wanaodaiwa walipe Jumamosi. Wasiofika watatozwa faini."

Mhariri aliyefika hapa bado ana simu moja ya kupiga. Nukta ile ya kwanza, baada ya "saa kumi", ameiweka kwa kukisia tu kwamba kikao kilivunjika kabla ya mwenyekiti kuingia. Aliyeandika ndiye anayejua kama ingepaswa kukaa baada ya "alipofika".